Nani Amelipa? Historia ya Maneno ya Kutambulisha Makala ya Kulipiwa katika Magazeti ya Kiswahili, na Uhariri Wake: Mfano wa Tunduma na Mkoa wa Songwe

1. Utangulizi

Msomaji wa magazeti ya Kiswahili hukutana mara kwa mara na makala ndefu inayomfundisha jambo fulani, kama vile namna ya kupanda mahindi, kutunza kahawa, kufungua akaunti au kuvusha mzigo mpakani, na chini kabisa ya makala hiyo hukuta sentensi moja ya herufi ndogo: "Makala hii imedhaminiwa na kampuni fulani." Kwa mtazamo wa haraka, mhariri ametimiza wajibu wake. Amesema kwamba kuna mtu nyuma ya makala. Hata hivyo, swali la kiisimu linabaki palepale: je, sentensi hiyo inamwambia msomaji kwamba fedha zimelipwa, kwamba aliyelipa anauza kitu, na kwamba kitu hicho ndicho kinachosifiwa katika makala?

Mhadhara huu unachunguza swali hilo kwa njia ya historia ya maneno. Hoja yake kuu ni kwamba maneno ambayo Kiswahili kimeyatumia kutambulisha maandishi ya kulipiwa, hasa dhamini, fadhili na hisani, hayakutoka sokoni. Yametoka mahakamani, msikitini na katika adabu ya watu wanaotendeana wema. Kwa hiyo lebo inayokusudiwa kumtahadharisha msomaji inaweza kumwongezea imani. Kinachopendekezwa ni uhariri unaofanywa kwa sentensi kamili badala ya lebo, na unaofanywa ndani ya makala badala ya pembeni yake, ili malipo yajulikane na mafunzo yabaki.

Mfano utakaotumika ni makala ya mbegu za mahindi kwa wakulima wa Mkoa wa Songwe. Mkoa huo uliundwa mwaka 2016 kwa kuugawa Mkoa wa Mbeya, na una wilaya za Mbozi, Momba, Ileje na Songwe pamoja na mji wa Tunduma ulio mpakani, ukitazamana na Nakonde ya Zambia. Umechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, watu wake huzungumza Kinyamwanga, Kinyiha, Kindali na lugha nyingine nyumbani, na Kiswahili ni lugha yao ya shule, soko, ofisi na mahakama. Pili, uwanda wa juu wa Mbozi na bonde la Ziwa Rukwa kule Kamsamba vimo katika mkoa mmoja, lakini mbegu inayofaa juu haifai bondeni. Makala inayonyamaza juu ya tofauti hiyo inaweza kumgharimu mkulima msimu mzima.

2. Sauti ya bwana shamba

Makala ya ushauri ni utanzu wa zamani katika uandishi wa Kiswahili. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa na Idara ya Elimu ya serikali ya kikoloni mjini Dar es Salaam mwaka 1923, lilichapisha mafunzo ya kilimo na afya pamoja na habari, barua na mashairi. Baadaye Wizara ya Kilimo ilikuwa na jarida lake, Ukulima wa Kisasa. Katika machapisho hayo swali la nani amelipa halikuwa gumu. Serikali ndiyo iliyolipa, serikali ndiyo iliyosema, na msomaji alilijua hilo kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza. Angeweza kuuamini ushauri huo au kuukataa, lakini hakudanganywa kuhusu msemaji.

Utanzu huo ulijenga mtindo wake wa lugha. Kitenzi chake ni cha amri: panda, palilia, weka mbolea, usichome majani. Nafsi ya msemaji haionekani. Hakuna "sisi tunaona" wala "inadhaniwa". Maneno ya kitaalamu hufafanuliwa, vipimo hutajwa, na sababu hutolewa kwa ufupi. Kwa miongo mingi msomaji alizoea kuisikia nyuma ya vitenzi hivyo sauti ya bwana shamba, yaani mtumishi wa umma asiye na mbegu ya kuuza.

Katika miaka ya 1990 mambo mawili yalibadilika kwa wakati mmoja. Magazeti binafsi yaliongezeka baada ya milango ya siasa na biashara kufunguliwa, na biashara ya mbegu, mbolea na dawa za mimea ikaingia mikononi mwa kampuni nyingi. Gazeti lilihitaji fedha na kampuni ilihitaji wasomaji. Kampuni iligundua upesi kwamba tangazo lenye picha na bei husomwa kwa jicho moja, ilhali makala ya ushauri husomwa, hukatwa na kuhifadhiwa. Hivyo ikanunua nafasi ya makala. Vitenzi vya amri vilibaki vilevile, nafsi ya msemaji ikaendelea kufichika, na aliyeketi nyuma yake akabadilika. Msomaji aliendelea kumsikia bwana shamba, kumbe anayesema sasa ni mwenye duka.

Ni vema kutofautisha jambo hili na lile ambalo waandishi wa Tanzania huliita "bahasha" au "mshiko", yaani fedha anazopewa mwandishi mkononi ili aandike habari kwa namna fulani. Hiyo ni rushwa, na haiponyeki kwa lebo ya aina yoyote. Makala inayozungumziwa hapa ni ile ambayo gazeti lenyewe limelipwa kwa mkataba na stakabadhi. Biashara hiyo ni halali, madhali msomaji anaambiwa.

Jamii nyingine zilikwisha kulikabili tatizo hili kwa sheria. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1912 iliyagusa magazeti yanayotumia huduma nafuu ya posta: maandishi yoyote ya kihariri yaliyolipiwa yalitakiwa yawekewe neno la wazi linalosema kuwa ni tangazo, na mwaka 1913 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikaithibitisha sheria hiyo. Yafaa kuangalia kwamba sheria ilitaja neno lenyewe. Ilitambua kwamba uaminifu wa lebo unategemea neno lililochaguliwa. Hapo ndipo kazi ya mwanaisimu wa Kiswahili inapoanzia.

3. Maneno ya wema mahali pa maneno ya fedha

Neno dhamini limetokana na Kiarabu, na kiini cha maana yake ni kubeba jukumu kwa ajili ya mwingine. Anayemdhamini mshitakiwa mahakamani anaahidi kwamba mtu huyo atarudi, na asiporudi yeye ndiye atakayewajibika. Anayemdhamini mkopaji anaahidi kwamba deni litalipwa. Wanachama wa vikundi vya mikopo hudhaminiana, na mmoja akishindwa wenzake humlipia. Bodi ya wadhamini hutunza mali kwa niaba ya wengine. Katika maana zote hizo mdhamini anaweka jina na mali yake rehani kwa ajili ya ukweli au uaminifu wa jambo.

Maana ya kugharimia imeongezeka baadaye, hasa kupitia michezo, burudani na vipindi vya redio. Kampuni ya bia au ya simu ilipogharimia timu au mashindano iliitwa mdhamini, na matumizi hayo yakaenea. Katika isimu ya maana huu ni upanuzi wa kawaida: sehemu moja ya maana ya zamani, yaani kutoa mali kwa ajili ya mwingine, imebaki, na sehemu ya pili, yaani kuhakikishia ukweli, imeachwa. Lakini haikuachwa na kila mzungumzaji. Maana ya zamani haijafa. Inaishi kila siku katika mahakama za mwanzo na katika vikundi vya mikopo.

Basi fikiria mkulima au mfanyabiashara wa Tunduma anayekutana na sentensi "Makala hii imedhaminiwa na kampuni ya mbegu." Ikiwa maana inayomjia kwanza ni ile ya mahakamani, ataelewa kwamba kampuni imejitolea kuwajibika kwa ukweli wa makala. Hilo ni kinyume kabisa cha tahadhari iliyokusudiwa. Lebo imegeuka muhuri wa ubora. Wala msomaji huyo hajakosea Kiswahili. Amelisoma neno kwa maana yake kongwe zaidi, na inayojulikana zaidi na watu wa mahali pake.

Neno fadhili lina tatizo linalofanana na hilo. Fadhila ni wema usiodai malipo, na methali ya Kiswahili humlaumu mwanadamu anayefadhiliwa kisha akaudhi. Sentensi "imefadhiliwa na" humweka mlipaji katika daraja la mtenda wema, na humfanya msomaji awe mwenye deni la shukrani. Vivyo hivyo "kwa hisani ya". Hisani ni ihsani, tendo jema. Msemo huo una hasara ya ziada: magazeti huutumia pia chini ya picha iliyotolewa bure na mwenyewe. Msemo mmoja unapotumika kwa kitu kilichotolewa bure na kwa kitu kilicholipiwa, haumwambii msomaji lolote kuhusu fedha.

Huenda mtu akasema kwamba neno tangazo linatosha. Lingetosha kama lingekuwa na maana moja. Lakini tangazo ni nomino iliyotokana na kutangaza, yaani kueneza habari, na kabla ya kuhusishwa na biashara lilikuwa neno la mbiu, la amri ya mtawala na la taarifa ya umma. Hata leo mbao za matangazo katika ofisi za kata hubeba taarifa za mikutano, chanjo na kodi. Neno "TANGAZO" juu ya makala ya mbegu linaweza kusomeka kuwa ni agizo la idara ya kilimo. "Tangazo la biashara" ni bora zaidi kwa kuwa linataja soko waziwazi, ijapokuwa halimtaji aliyelipa.

Limebaki kundi la maneno yanayotokana na lipa, na hapa sarufi yenyewe inatega mtego. Kitenzi lipa kikiingia katika kauli ya kutendea huwa lipia, na katika kauli ya kutendewa huwa lipiwa. "Makala ya kulipia" inafuata muundo wa maegesho ya kulipia na choo cha kulipia, ambapo anayelipa ni mtumiaji. Msomaji anaweza kudhani kwamba yeye ndiye anayetakiwa kulipa ili asome. "Makala ya kulipiwa" inaondoa utata huo, lakini inaficha mtenda. Imelipiwa na nani? Kauli ya kutendewa huruhusu mtenda aachwe, na palipo na ruhusa hiyo mlipaji huitumia.

Kwa hiyo hakuna nomino moja iliyo tayari kufanya kazi hii peke yake. Sentensi ya kauli ya kutenda, yenye mtenda, tendo na anayetendewa, inaweza: "Kampuni A, inayouza mbegu B, imelilipa gazeti hili ili makala hii ichapishwe." Hapo msomaji anajua mambo matatu kwa mara moja: nani amelipa, anauza nini, na amemlipa nani. Sentensi hiyo haihitaji elimu ya uandishi wa habari ili ieleweke, na haiwezi kusomeka kama wema wala kama dhamana.

4. Makala ya mbegu: kabla na baada ya kuhaririwa

Ili kuonyesha namna sentensi hiyo inavyofanya kazi pamoja na mwili wa makala, uchukuliwe mfano wa kutungwa, uliojengwa kwa mtindo wa makala zinazopatikana. Kampuni A inauza mbegu chotara B, ambayo ni ya ukanda wa juu na huchelewa kukomaa. Rasimu iliyoletwa gazetini, kwa ufupi, inasomeka hivi:

"Mkulima wa Songwe, wakati wa kuaga umaskini umewadia. Panda mbegu B. Andaa shamba mapema kabla ya mvua. Panda kwa nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari na sentimita 30 kati ya mashimo, punje moja kila shimo. Tumia kilo 15 za mbegu kwa ekari. Usipande mbegu uliyovuna mwaka jana. Utavuna magunia 30 kwa ekari. Mbegu B inapatikana katika maduka ya pembejeo Tunduma, Mlowo na Vwawa. Makala hii imedhaminiwa na Kampuni A."

Mhariri asiye na subira anaweza kuchagua moja kati ya njia mbili. Ama ataichapisha kama ilivyo, ama ataitupa yote kwa kuwa ni biashara. Njia zote mbili zina hasara. Ndani ya rasimu hii mna mafunzo ya kweli ambayo mkulima angefaidika nayo hata kama angenunua mbegu ya kampuni nyingine. Kazi ya kwanza ya uhariri ni kuzigawa sentensi. Kila sentensi iulizwe: je, ingemsaidia mkulima anayenunua kwa mshindani? Ikiwa ndiyo, ni ushauri, na kitenzi chake cha amri kibaki. Ikiwa sivyo, ni dai la muuzaji, na lazima lipewe msemaji. Hivyo "andaa shamba mapema" na nafasi ya kupanda ni ushauri. "Panda mbegu B" na "utavuna magunia 30" ni madai.

Kazi ya pili ni kuhakiki ushauri wenyewe, kwa sababu maslahi ya mlipaji hujificha katika vipimo. Nafasi ya sentimita 75 kwa 30 humpa kila mche eneo la mita za mraba 0.225. Ekari moja ina takribani mita za mraba 4,047, kwa hiyo ina mashimo karibu 18,000. Uzito wa punje 1,000 za mahindi hutofautiana na ukubwa wa punje, lakini ukikadiriwa kuwa gramu 350, punje 18,000 ni kilo 6.3. Mkulima akiongeza akiba ya punje zisizoota na za kurudishia mapengo, kilo 8 hadi 10 zinamtosha. Rasimu imesema 15. Hesabu ya dakika mbili imeonyesha kwamba sentensi iliyofanana na ushauri wa bwana shamba ilikuwa inauza mfuko wa ziada. Lebo pekee isingeweza kulifichua hilo, hata ingeandikwa kwa herufi kubwa kiasi gani.

Kazi ya tatu ni kuongeza kile ambacho mlipaji amekinyamazia. Rasimu inasema "mkulima wa Songwe" kana kwamba mkoa wote ni shamba moja. Uwanda wa Mbozi na milima ya Ileje una baridi na msimu mrefu wa mvua, ilhali bonde la Rukwa, ambalo ziwa lake liko mita 800 hivi juu ya usawa wa bahari, lina joto na mvua chache zaidi. Mbegu ya juu inayochelewa kukomaa ikipandwa Kamsamba inaweza kukosa maji kabla punje hazijajaa. Vilevile, "usipande mbegu uliyovuna mwaka jana" ni kweli kwa mbegu chotara, kwa kuwa kizazi chake cha pili hupoteza nguvu na usawa. Si kweli kwa kiwango hicho kwa mbegu za uchavushaji huria kama Staha na TMV-1, ambazo mkulima anaweza kuzihifadhi kwa misimu michache akichagua vizuri. Anayeuza chotara hana sababu ya kuitaja njia hiyo. Mhariri anayo.

Baada ya kazi hizo tatu, makala inaweza kusomeka hivi:

"Kampuni A, inayouza mbegu B, imelilipa gazeti hili ili makala hii ichapishwe. Mhariri amehakiki maelezo ya upandaji. Madai kuhusu mbegu B ni ya kampuni. Andaa shamba mapema kabla ya mvua. Ukipanda punje moja kila shimo, tumia nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashimo. Kilo 8 hadi 10 za mbegu zinatosha ekari moja. Mbegu chotara ya kampuni yoyote isirudiwe msimu wa pili. Mbegu za uchavushaji huria zinaweza kurudiwa kwa misimu michache. Kabla ya kulipa, angalia lebo ya Taasisi ya Kuthibitisha Ubora wa Mbegu, TOSCI, kwenye mfuko. Kampuni A, iliyolipia makala hii, inasema mbegu yake B imefikia magunia 30 kwa ekari katika mashamba yanayotunzwa kwa mbolea na palizi kamili. Kwa miaka mingi wastani wa nchi umekuwa chini ya magunia 8. Mbegu B ni ya ukanda wa juu, kama Mbozi na Ileje. Haifai bonde la Kamsamba. Inapatikana katika maduka ya pembejeo Tunduma, Mlowo na Vwawa."

Mambo kadhaa yafaa kuzingatiwa katika toleo hili. Sentensi ya malipo imehama kutoka mwisho kwenda mwanzo, na imekuwa sehemu ya maandishi yenyewe, kwa ukubwa uleule wa herufi. Malipo yametajwa tena mara moja tu, pale ambapo dai la muuzaji linaanza. Kutaja kila aya kungemchosha msomaji na kumfanya aruke ushauri wenyewe. Kutaja mara moja mwanzoni pekee kungeweza kusahaulika kabla ya kufika kwenye magunia 30. Watafiti Wojdynski na Evans, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2016 kuhusu wasomaji wa Marekani, waliona kwamba tamko lililowekwa katikati au chini ya makala liliwafanya wasomaji wengi zaidi watambue kuwa wanasoma tangazo kuliko lililowekwa juu, na kwamba maneno yaliyotaja utangazaji au udhamini waziwazi yalifanya kazi vizuri zaidi kuliko maneno ya mzunguko. Tamko la pili ndani ya mwili wa makala linajibu tatizo hilo bila kuacha la kwanza.

Kilichofutwa ni kidogo: sentensi ya kuaga umaskini, na amri ya kupanda mbegu B. Jina la bidhaa limebaki, na mahali inapouzwa pamebaki, maana kuyafuta hayo kungemnyima mlipaji alicholipia na kumnyima msomaji habari anayoihitaji siku ya kwenda dukani. Hata mipaka iliyoongezwa haimwangamizi muuzaji. Mkulima wa Mbozi sasa ana sababu mahususi ya kuinunua mbegu hiyo, na yule wa Kamsamba hatarudi dukani na lawama baada ya mavuno.

5. Safari ya makala baada ya kuchapishwa

Uhariri haukamiliki kama haujafikiria makala itakavyosafiri. Katika miji kama Tunduma nakala moja ya gazeti hupita mikono mingi. Makala ya kilimo hukatwa na mkasi, hutolewa fotokopi, au hubandikwa ukutani dukani. Lebo iliyowekwa pembezoni mwa ukurasa, au rangi tofauti nyuma ya maandishi, hupotea katika hatua ya kwanza. Vituo vya redio navyo vina desturi ya kusoma magazeti asubuhi. Msomaji wa redio husoma kichwa na aya za mwanzo, wala hasomi kisanduku cha chini chenye herufi ndogo. Lakini malipo yakiwa ni sentensi ya kwanza ya makala, atayasoma kwa sababu ndiyo yanayoanza. Kwa lugha yenye utamaduni mkubwa wa kusikiliza, tamko linaloonekana tu bila kusikika ni nusu ya tamko.

Kipimo cha kujua kama uhariri umefaulu ni rahisi. Makala isomwe kwa sauti mbele ya mtu asiyefanya kazi gazetini, bila kumwonyesha ukurasa. Kisha aulizwe maswali manne: nani amelipa, anauza nini, ni jambo gani umejifunza ambalo ungelitumia hata bila kununua kwake, na ni kwa nani bidhaa hii haifai. Akishindwa mawili ya kwanza, malipo hayajatajwa waziwazi. Akishindwa la tatu, makala imebaki tangazo tupu, na ni afadhali iwekwe katika kisanduku kwa jina la kampuni bila jina la mwandishi. Akishindwa la nne, mlipaji bado ndiye mhariri.

Kipimo hiki kina mipaka yake. Mhariri wa gazeti dogo anaweza kukosa mtaalamu wa kuhakiki vipimo, na pengine mlipaji ataondoa fedha zake akiona mipaka ya bidhaa imetajwa. Katika hali ya kwanza, mhariri asiandike kwamba amehakiki. Aandike kwamba maelezo yote ni ya kampuni, na vitenzi vyote vya amri vigeuzwe kuwa usemi wa taarifa: kampuni inashauri, kampuni inasema. Makala itapungua mvuto, lakini haitavaa koti la bwana shamba. Katika hali ya pili, mkataba ndio kinga. Haki ya mhariri ya kuongeza mipaka iandikwe kabla ya fedha kupokelewa, kwa sababu baada ya hapo kila sentensi ina bei. Azimio la Dar es Salaam la mwaka 2011 kuhusu uhuru wa uhariri na uwajibikaji lilizungumzia mamlaka ya mhariri kwa jumla. Mamlaka hayo hupimwa katika sentensi kama ile inayosema kwamba mbegu haifai Kamsamba.

Tatizo linakuwa zito zaidi pale mlipaji anapokuwa halmashauri, wizara au mradi wa maendeleo. Kurasa maalumu za kusifu mafanikio ya mkoa, au za kueleza huduma mpya kama kituo cha pamoja cha mpakani cha Tunduma na Nakonde kilichozinduliwa mwaka 2019, zina mafunzo yenye thamani kwa mfanyabiashara. Lakini kwa kuwa Mambo Leo na warithi wake waliwazoesha wasomaji kuisikia serikali ikisema katika ukurasa wake yenyewe, si rahisi kwao kutambua kwamba safari hii imenunua ukurasa wa mwingine. Kanuni ni ileile: taasisi itajwe kuwa mtenda wa kitenzi lipa, na maelezo ya nyaraka na saa za kazi yatenganishwe na sentensi za sifa.

6. Hitimisho

Historia iliyofuatwa hapa inaonyesha kwamba Kiswahili hakikupungukiwa na maneno. Kilikuwa na maneno ya heshima yaliyowafaa walipaji, nayo yakapokewa bila kuhojiwa. Dhamini, fadhili na hisani ni maneno mema mahali pake, na hakuna sababu ya kuyaondoa katika michezo, elimu au misaada. Chini ya makala inayouza, hata hivyo, yanamwonyesha muuzaji kama mdhamini wa ukweli au mtenda wema, na yanamwacha msomaji bila habari aliyostahili kupewa.

Yapo mambo mawili ya kufanyiwa kazi na wanaisimu. La kwanza ni la wanaleksikografia: maana ya kugharimia kwa ajili ya kujitangaza itenganishwe na maana ya kuwajibika katika kidahizo cha dhamini, kwa mifano inayoonyesha tofauti hiyo, ili mwanafunzi asidhani kwamba anayegharimia amehakikisha. La pili ni la utafiti wa uwandani, ambao wanafunzi wanaweza kuufanya bila gharama kubwa: kuwasomea wazungumzaji wa Tunduma, Vwawa na Kamsamba sentensi mbalimbali za kutambulisha malipo, kisha kuwauliza wameelewa nini. Matokeo yake yatawafaa wahariri kuliko istilahi mpya itakayobuniwa mezani. Mpaka hapo, kitenzi lipa katika kauli ya kutenda, chenye jina la mlipaji mbele yake na jina la aliyelipwa nyuma yake, ndicho chombo kilicho wazi zaidi alichonacho mhariri wa Kiswahili.